Namna ya kuomba kikao na bosi wa bosi wa mwenzako bila kumruka mtu: mwongozo kamili

Nimesomeshwa ujumbe wa namna hii mara nyingi mno: "Mambo vipi dada, naomba uniunganishe na bosi wenu mkubwa, kuna ishu nataka kuongea naye." Jibu hurudi kwa upole: "Sawa, nitaangalia." Wiki inapita, wiki mbili zinapita, na aliyeomba anaanza kumwona mwenzake ana roho mbaya.

Mwenzake hana roho mbaya. Ana hofu. Hajui hiyo "ishu" ni nini, hajui kama yeye ndiye anayesemwa, na anajua kwamba msimamizi wake akisikia kuna mtu amepelekwa juu kimyakimya, yeye ndiye atakayeulizwa. "Nitaangalia" ni njia ya kiungwana ya kujilinda.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme wewe ni afisa ubora katika kiwanda cha chai, kwenye vilima vya Mufindi. Ni msimu wa mvua, chai inachipua kwa kasi, na majani mabichi yanakufikia yamechelewa. Mwenzako ni dada anayeratibu malori. Juu yake yupo msimamizi wa usafirishaji, mzee aliyekaa kazini miaka mingi. Juu ya mzee yupo meneja wa uendeshaji, ambaye ofisi yake iko Iringa mjini. Unataka kukaa na huyo meneja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

- Sentensi moja ya lengo, ambayo ndani yake kuna uamuzi unaouomba.
- Ukurasa mmoja wa ushahidi, usizidi. Kwa mfano wetu, ni siku 14 kutoka daftari la mapokezi: saa majani yalipopimwa kituoni, saa lori lilipoingia kiwandani, na hali ya majani.
- Ngazi za idara ya mwenzako zilizochorwa kwenye karatasi: nani yuko chini ya nani. Usikisie. Kuna ofisi ambazo mtu ana cheo kikubwa lakini hasimamii mtu yeyote.
- Baraka ya bosi wako mwenyewe.
- Siku 5 za kazi au zaidi. Jambo linalotakiwa kesho asubuhi haliwezi kupita njia hii.

## Njia hii haifai kwa mambo haya

Kama unachokwenda kusema ni rushwa, wizi au unyanyasaji unaofanywa na huyo msimamizi wa katikati, usimwombe baraka. Ukimwomba, utampa muda wa kuficha na utamwingiza mwenzako hatarini. Mambo hayo yana njia zake: utaratibu wa malalamiko wa mwajiri wako, TAKUKURU kwa namba 113, na kwa migogoro ya ajira Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuanzia hapa tunazungumzia kazi ya kawaida, ambayo watu wote waliomo ni waungwana.

## Hatua ya 1: Hakikisha jambo ni la huko juu kweli

Jiulize swali moja: nani akisema ndiyo, jambo hili linafanyika kesho bila yeye kumuuliza mwingine? Huyo ndiye wa kuonana naye. Akiwa ni msimamizi, basi kikao chako kinaishia kwa msimamizi, na kumtafuta meneja ni kumdhalilisha mzee bure.

Turudi kwenye chai. Jani likishachumwa halijafa, bado linapumua. Likishindiliwa kwenye kiroba na kukaa, joto linapanda ndani. Ukiingiza mkono katikati ya kiroba kilichochelewa unasikia uvuguvugu, na ukilitoa jani unaliona limeanza kuwa jekundu ukingoni na kwenye kikonyo. Jani la hivyo limeshaharibika kabla halijafika kwenye vitanda vya kunyaushia, na hakuna fundi atakayelirudisha.

Sasa kwa nini lori limechelewa? Hapo ndipo pa kuchimba. Kama dereva anaegesha Mafinga saa nzima, hilo ni la msimamizi, naye atalimaliza kwa maneno mawili. Lakini kama kila siku saa 8 mchana lori moja huondolewa kwenye majani na kupelekwa kubeba kuni za boila, kwa mgao uliopangwa Iringa, mzee hana uwezo wa kulirudisha. Mgao wa malori kati ya majani na kuni uko mikononi mwa meneja wa uendeshaji. Hapo una sababu ya kupanda.

Sentensi yako ya lengo sasa inaandikika: "Naomba tuangalie kama lori moja linaweza kubaki kwenye majani hadi saa 11 jioni kwa miezi ya mvua, na kuni zibebwe asubuhi."

Isome tena na utafute jina la mtu au cheo chake ndani yake. Ikiwa imeandikwa "msimamizi hapangi malori vizuri", hayo ni malalamiko, na yatapokelewa kama malalamiko hata ukiyapamba vipi. Sentensi nzuri hutaja lori, saa na kuni.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kumsomea sentensi hiyo mzee mwenyewe, macho kwa macho, bila kubadili neno.

## Hatua ya 2: Bosi wako kwanza

Hatua hii ni fupi lakini wengi huiruka. Unamwogopa bosi wa idara nyingine na kumsahau wako. Mwambie: "Mkuu, nataka kuomba kikao na meneja wa uendeshaji kuhusu mgao wa lori la mchana. Nitapitia kwa msimamizi wa usafirishaji. Je, una neno?" Pengine atasema twende wote, pengine atakwambia jambo hilo lilishajadiliwa. Akikukataza, simama hapo hapo. Meneja akimpigia simu bosi wako na kumkuta hajui lolote, kikao chako kimekufa.

## Hatua ya 3: Zungumza na mwenzako, mdomo kwa mdomo

Hapa ndipo maombi mengi yanapovunjikia, kwa hiyo twende taratibu.

Usianze na WhatsApp. Ujumbe wa maandishi unaweza kupigwa picha na kutumwa kwa mwingine, na mwenzako analijua hilo, kwa hiyo atajibu kwa tahadhari. Mfuate alipo, wakati hana haraka. Usimfuate mbele ya madereva, wala kantini watu wakiwa wamejaa. Baada ya lori la mwisho kupimwa, pale kwenye mizani, panatosha. Na kwetu huku mtu huanza na salamu: kamwene, habari za nyumbani, watoto. Dakika hizo mbili hazipotei. Anayekurupuka na shida yake anaonekana ana shari.

Kisha sema mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, lengo lote, bila kuficha. "Dada, nina jambo la lori la saa 8 mchana. Majani yananifikia mekundu siku lori linapokwenda kuni. Nimeandika siku 14. Nadhani anayeweza kulibadilisha ni meneja wa Iringa."

Pili, taja kile ambacho hutakisema huko juu. Watu wengi hawaisemi sentensi hii, nayo ndiyo inayomtoa mwenzako wasiwasi: "Siendi kusema ratiba yako ina shida. Wewe unapanga kwa malori unayopewa. Karatasi yangu hii hapa, isome. Kama kuna mstari unaokuumiza, niambie niutoe au niurekebishe." Mpe karatasi kweli, aishike, aisome. Mara nyingi ataona kosa ambalo wewe hukuliona: siku ile ya tatu lori halikwenda kuni, liliharibika breki. Ukipanda Iringa na kosa hilo, meneja analijua, na ukurasa wako wote unapoteza uzito.

Tatu, mwachie mlango wa kukataa. "Kama kwa nafasi yako si vizuri kuhusika, niambie tu, sitakulaumu, nitapitia kwa bosi wangu." Asiye na mlango wa kukataa hukataa kwa kukaa kimya.

Baada ya hapo uliza njia, usiombe namba ya simu. "Kwenu mtu akitaka kuonana na meneja anapitaje?" Ukiomba namba unamtwisha mzigo, lakini ukiuliza njia unapata mwongozo. Atakuambia kwamba meneja huja huku shambani siku fulani za wiki na huwa mtulivu kuliko akiwa ofisini. Atakuambia mzee hapendi kusoma barua pepe, anapenda kuambiwa. Mambo hayo huyapati kwingine kokote.

Onyo. Usimwombe mwenzako abebe hoja yako. "Naomba umwambie bosi wako kwamba…" inamgeuza msemaji wa jambo ambalo si lake, na likienda kombo ni yeye aliyelisema.

Utajua umefaulu akianza kukushauri mwenyewe: usiende mwisho wa mwezi, au anza na mzee kesho asubuhi. Umeshindwa ukisikia "nitaangalia". Usimsukume. Siku inayofuata muulize taratibu ni sehemu gani inamtia shaka.

## Hatua ya 4: Mzee wa katikati asikie kutoka kwako, na asikie kabla

Hili nimelipata kwa machungu. Miaka ya nyuma, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliomba kikao na mkuu wa idara ya wenzangu, nikakipata, na nilikuwa na nia safi kabisa. Msimamizi wao alizipata habari hizo kwa dereva aliyenipeleka. Tulipokutana kwenye ngazi alinisalimia vizuri, akaniuliza, "Ulikuwa na shida ambayo mimi nisingeisikia?" Sikuwa na jibu. Miezi iliyofuata kila ombi langu lilipita kwake kwa utaratibu wote wa karatasi, bila kosa na bila haraka. Aliyeumia zaidi ni mwenzangu aliyeniunganisha. Aliacha kuitwa kwenye vikao vya mipango.

Kwa hiyo nenda. Mwombe mwenzako akutambulishe tu, kisha mazungumzo yawe yako. Mtu wa katikati haudhiki sana na wewe kupanda. Kinachomuudhi ni kusikia habari hiyo kwa watu.

Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Nimekuja kukuomba ushauri na ruhusa. Lori la saa 8 likienda kuni, majani yanakaa vituoni hadi jioni, na haya ndiyo ninayoyapokea." Hapo mwonyeshe jani lenyewe, usimwambie tu. Jani moja jekundu kiganjani linamtosha. "Najua mgao wa malori huupangi wewe. Ningeomba nikae na meneja dakika 20 kuhusu hilo tu. Ningefurahi ukiwepo. Kama huna nafasi, ningependa uione karatasi kabla hajaiona yeye."

Atajibu moja kati ya haya matatu.

Akisema "twende wote", umepata zaidi ya ulichoomba. Mwachie yeye afungue kikao.

Akisema "nenda, sina tatizo", mwombe maneno hayo yaonekane: "Naweza kuandika kwamba nimezungumza na wewe?" Akisita hapo, ujue ruhusa yake haijakamilika. Uliza kinachomsumbua kabla hujaondoka.

Akisema "niachie, nitalishughulikia mwenyewe", kubali, na ukubali kwa moyo. Yeye ndiye mwenye ngazi. Ila omba siku: "Ahsante mzee. Naweza kukufuata Alhamisi kujua limefikia wapi?" Bila siku, jambo linalala. Alhamisi ikifika na hakuna kitu, mfuate tena, kisha umwombe kwa upole mwende pamoja. Akikataa mara ya pili, mrudishie bosi wako. Yeye na mzee wanalingana, na wanaweza kuambiana mambo ambayo wewe huwezi kumwambia.

## Hatua ya 5: Andika ombi linaloweza kupelekwa mbele bila kuguswa

Sasa ndipo unapoandika. Andika kwa namna ambayo mwenzako au mzee akilituma juu kama lilivyo, hakuna atakayeaibika. Mfano:

> YAH: Ombi la kikao cha dakika 20 kuhusu lori la majani la saa 8 mchana
>
> Ndugu Meneja, habari za kazi.
>
> Naomba nafasi ya kuonana nawe dakika 20, wiki ijayo, utakapokuwa Mufindi au kwa siku utakayopanga.
>
> Lengo ni moja: kuangalia kama lori moja linaweza kubaki kwenye majani hadi saa 11 jioni kwa miezi ya mvua, na kuni za boila zibebwe asubuhi. Nimeambatanisha kumbukumbu za mapokezi za siku 14.
>
> Nimeshazungumza na msimamizi wa usafirishaji, ambaye ameiona karatasi hii na anakaribishwa kuwepo. Mratibu wa malori amenisaidia kuhakiki saa za malori. Bosi wangu anafahamu.
>
> Natanguliza shukrani.

Kila aya ina kazi yake. Muda uliotajwa unamwambia meneja kwamba hutamla asubuhi nzima. Lengo likiwa na uamuzi ndani yake, anaweza kujiandaa, au hata kuamua bila kikao, jambo ambalo ni ushindi pia. Na aya ya waliokwishajua ndiyo inayomwondolea meneja swali lake la kwanza, kwamba "wasimamizi wangu wanajua?"

Kwenye barua pepe, weka jina la meneja kwenye `To`, na kwenye `Cc` weka mzee, bosi wako na mwenzako. Usitumie `Bcc` kabisa. Nakala ya siri ikigundulika, heshima yote uliyoijenga inaonekana ilikuwa maigizo. Na usimpe nakala mtu ambaye hujazungumza naye kwanza.

Kama uko halmashauri au ofisi nyingine ya serikali, kazi hii hufanywa na K.K., yaani Kupitia Kwa. Barua inaelekezwa kwa mkuu, lakini chini ya anwani unaandika K.K. na cheo cha msimamizi, naye anaipitisha kwa maoni yake. Usiichukue barua mkononi na kuipeleka masjala wewe mwenyewe ili iende haraka. Barua yenye K.K. lakini isiyo na maoni ya huyo mtu inaonyesha wazi kwamba umemruka.

## Hatua ya 6: Katibu muhtasi

Baada ya siku 2 piga simu kwa katibu muhtasi wa meneja. Msalimie kwa jina, taja kichwa cha ombi na dakika ulizoomba. Usimwambie "ni jambo la siri". Akikuuliza ni la nini, msomee ile sentensi ya lengo. Haina kitu cha kuficha.

## Hatua ya 7: Ndani ya kikao

Dakika 20 zikitumika vizuri zinabaki. Toa karatasi, sema sentensi yako, eleza siku moja tu kwa ukamilifu: majani yamepimwa saa 7 mchana, lori limeingia saa 12 jioni, kiroba kikiwa na uvuguvugu. Kisha nyamaza usikilize. Huenda meneja ana sababu usiyoijua. Kuni hazibebwi asubuhi kwa kuwa barabara ya msituni ina utelezi mpaka jua lilipige tope, na lori lenye mzigo halipandi. Hilo likitokea, usibishane. Uliza kama kuni zinaweza kurundikwa kiwandani kabla mvua hazijaanza, ili miezi ya majani mengi isiwe tena miezi ya kuni.

Kuna swali moja la kujiandaa nalo. Meneja anaweza kuegemea kiti na kuuliza, "Na huyu msimamizi wangu, unamwonaje?" Ukijibu vibaya umemchongea, na ukimsifu kupita kiasi umeonekana mnafiki. Sema: "Ameniruhusu kuja na ameisoma karatasi. Mengine ya idara yake yeye anayajua kuliko mimi." Kisha urudi kwenye lori.

Usiongeze ombi la pili, hata mlango ukiwa wazi. Ulimwahidi mzee jambo moja.

## Hatua ya 8: Rudi kwa njia uliyopandia

Siku hiyohiyo, kabla ya habari kutembea, mpigie mzee kama hakuwepo: "Mzee, nimetoka. Amesema hivi, ameuliza hivi, nimejibu hivi." Mwambie na lile swali kumhusu yeye kama liliulizwa, na jibu ulilotoa. Atalisikia siku moja kwa vyovyote, ni bora alisikie kwako. Baada yake mwambie mwenzako, kisha bosi wako.

Kesho yake tuma mistari minne kwa wote waliokuwa kwenye `Cc`: kilichoombwa, kilichoamuliwa, nani anafanya nini, na lini. Kama meneja amekubali lori libaki kwa majaribio ya wiki 2, agizo la kubadilisha ratiba litoke kwa mzee kwenda kwa mratibu. Usiende kwenye mizani kumwambia dereva "meneja amesema". Ukilisema hilo mara moja, umemruka mzee mbele ya watu wake.

Na kama jibu ni hapana, peleka taarifa vilevile, kwa mpangilio uleule, siku hiyohiyo. Endelea kuandika daftari la mapokezi kila jioni, saa ya kupimwa na saa ya kuingia. Mgao wa malori utakapopangwa upya kabla ya mvua zinazofuata, mwombe mzee aingie na daftari hilo mkononi.